Mwenye nyumba anasema korosho zangu zitamharibia bima

*Shikamoo Shangazi. Nimepanga nyumba Chuno, Mtwara mjini. Huu mwaka wa pili nakaanga korosho uani na kuzifunga kwenye pakiti. Mwenye nyumba anajua, hata yeye hununua. Sasa nyumba ameiweka dhamana benki, na kampuni ya bima imekuja kukagua. Ameniandikia niache ndani ya mwezi mmoja kwa sababu mkataba unasema "makazi tu". Je, nikaange usiku kimyakimya? Na kwani bima yake inanihusu nini? Mama Pakiti*

Marahaba, mwanangu. Usiku usikaange. Harufu ya korosho haifichiki, na moto ukizuka saa saba za usiku itaonekana ulikatazwa ukaendelea kwa makusudi.

Mwenye nyumba alipokata bima aliulizwa nyumba inatumikaje, na bila shaka alijibu makazi. Ada ikapangwa kwa familia inayopika ugali wake ikalala. Matumizi yakibadilika bila kampuni kuambiwa, siku ya kudai fidia inaweza kukataa kulipa, na benki bado itataka fedha zake. Ndiyo maana mzee wa watu ana wasiwasi.

Wewe inakugusa hivi. Tafuta kwenye mkataba wako kifungu kinachomkataza mpangaji kufanya jambo litakaloathiri bima ya nyumba. Kama kipo, umeshafungwa na bima ambayo hujawahi kuiona, kwa hiyo una sababu ya kuomba uonyeshwe masharti yake. Tena, kampuni ikimlipa yeye na ikabainika moto umetokana na uzembe wako, inaweza kushika nafasi yake ikakudai wewe. Na korosho zako, mitungi yako na mashine ya kufungia havimo kwenye bima ya jengo lake.

Kwamba anajua na hununua ni hoja nzuri. Aliyepokea kodi muda wote huo huku akiona jiko linawaka hawezi kirahisi kudai umemshtukiza. Itumie kuomba muda na mazungumzo. Ila hoja hiyo inamhusu yeye. Kampuni ya bima haijala korosho zako.

Kuna jambo hukulisema: unanunua zilizobanguliwa au ghafi? Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi na kushika moto. Ukizichoma na maganda yake, mafuta hayo hutoka yakawaka, na moshi wake huwasha macho na koo. Maganda yaliyorundikwa uani ni sawa na kuni zilizokwisha kumwagiwa mafuta ya taa. Ikiwa ndivyo unavyofanya, acha leo, hata kabla ya mwezi aliokupa. Sidhani kama kuna mkaguzi atakayekubali hilo kwenye nyumba ya kuishi, na mimi nitakuwa upande wake. Nunua zilizobanguliwa. Kukaanga punje tupu kwenye jiko la gesi ni jambo linaloweza kujadiliwa.

Basi mwombe mwenye nyumba mwandikie kampuni pamoja, mkiitaja kazi kama ilivyo: kilo ngapi kwa siku, jiko la aina gani, mtungi unakaa wapi, wasaidizi wangapi, wateja wanaingia ndani au la. Taja na akiba unayoweka msimu ukifika, maana mzigo wa wakati wa minada si wa mwezi wa nne. Kampuni inaweza kukubali kwa masharti, kama jiko kukaa mbali na ukuta na kuwepo mtungi wa kuzimia moto, au kwa kuongeza ada. Tuseme jengo limekatiwa bima ya shilingi milioni 80 kwa asilimia 0.15, yaani 120,000 kwa mwaka. Ikipanda hadi asilimia 0.3 inakuwa 240,000. Tofauti ni 10,000 kwa mwezi. Jitolee kuilipa wewe. Mazungumzo mengi hulainika hapo.

Neno la wakala kwenye simu lisikutoshe. Unahitaji nyongeza ya bima, yaani karatasi ya kampuni yenyewe inayokubali matumizi hayo mapya, na nyongeza ya mkataba wa pango yenye sahihi zenu wote wawili, inayotaja kukaanga na kufungasha korosho. Benki nayo ijulishwe, kwa kuwa nyumba ni dhamana yake. Karatasi hiyo ya pango itakufaa pia kwa afisa biashara wa manispaa: ukiomba leseni utatakiwa kuonyesha mahali pa biashara, na mkataba wa "makazi tu" utakukwamisha.

Kampuni ikikataa, hamisha jiko peke yake. Tafuta banda la kukodi, au uulize ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, kama kuna nafasi. Kisha mwombe mwenye nyumba akuruhusu kwa maandishi kubaki na kufunga pakiti, daftari na simu za wateja hapo nyumbani, na kampuni iambiwe hilo pia. Kama banda halijapatikana mwezi ukiisha, omba siku za nyongeza kwa barua, na katika siku hizo usiwashe jiko.