Barua ya motisha ya masta: mwanzo ni yale matone 125

*Mimi ni muuguzi A1, miaka tisa kwenye wodi ya tiba ya ndani hapa Bukavu. Naomba masta ya kufundisha uuguzi, na barua yangu imekataliwa mara mbili. Nimeandika kwamba napenda wagonjwa na nina uzoefu. Mwishoni nimegusia kwa mstari mmoja kwamba wanafunzi wa staji wanne kati ya sita walipanga serumu ya ml 500 ya saa 4 kwa matone 125 kwa dakika, nikawarekebisha. Nimekosea wapi?*

Dada, barua yako ni ya mtu anayeomba kazi ya uuguzi, na kazi hiyo unayo tayari. Wanaochagua wanatafuta dalili kwamba unamtazama mwanafunzi kama unavyomtazama mgonjwa. Dalili hiyo umeifukia mstari wa mwisho. Ipandishe juu kabisa.

Tena usiseme tu “nikawarekebisha”. Kwa mpira wa matone 20 kwa ml, hesabu ni 500 × 20 ÷ 240, yaani matone 42 hivi. Hiyo 125 ilitoka wapi? Waligawa 500 kwa 4, wakapata ml kwa saa, kisha wakaziita matone kwa dakika. Kwa mwendo huo serumu ingeisha kwa dakika 80, na mgonjwa mwenye moyo dhaifu angeweza kujaa maji mapafuni. Kugawa wanajua, wanachochanganya ni vipimo. Anayeliona hilo ameshaanza kuwa mwalimu, na aya yako ya kwanza iseme hivyo hivyo, hesabu ikiwemo.

Aya ya pili ieleze ulichofanya. Kama uliwaachia matone yaangukie kwenye sirinji mpaka wakaona wenyewe kwamba 20 yanajaza ml 1, andika. Kama uliwasomea fomula tu, andika hivyo pia, na useme kwa nini huamini kwamba ilitosha. Hapo ndipo pengo lako linapoonekana: unajua kosa, lakini hujui kupanga somo wala kutunga mtihani wa kupima kama limeingia. Masta unaiombea hilo. Ila usidai kwamba makosa yamepungua hospitalini. Wanafunzi sita hawabebi dai kubwa namna hiyo. Na jina la mgonjwa lisionekane.

Ile miaka tisa ipe sentensi moja, vyeti viko kwenye faili. “Tangu utotoni nilipenda kusaidia” futa. Nimezisoma nyingi mno, hata sizioni tena. Ukurasa mmoja unatosha.

Ukimaliza, badilisha jina la masta uandike “afya ya jamii”. Barua ikiendelea kusomeka vizuri, bado haijawa ya ualimu.

Sentensi ya mwisho iwe swali unalotaka kulifanyia utafiti, kwa mfano: je, mwanafunzi aliyehesabu matone kwa macho yake anakosea kidogo kuliko aliyekariri fomula?