Uzi: Programu ya mauzo ya kutumia bila mtandao, nilipe au nisilipe?

"Wakuu, nina vijana 6 wa mauzo wanaotembea na magari, njia za Mpanda, Namanyere mpaka mwambao wa Tanganyika. Huko mtandao ni wa kubahatisha. Nimeoneshwa programu ya ERP ya kwenye simu, jamaa akazima mtandao kabisa mbele yangu na ikaendelea kuuza bila shida. Nataka kulipia wiki ijayo. Naomba ushauri: ninunue simu au tableti? GPS ya kuwafuatilia vijana inakula chaji sana? Na kulipia kwa mwaka au kwa mwezi, ipi ina nafuu?"

Usilipe. Kama umeshaahidi, mpigie umwambie shemeji amegoma.

Onesho hilohilo nililiona mezani kwangu Sumbawanga. Jamaa shati limenyooka, akaweka simu kwenye hali ya ndegeni, akauza katoni mbili za sabuni, akarudisha mtandao, ankara ikatokea kwenye kompyuta ya mhasibu. Nikapiga makofi. Msicheke, nilipiga makofi kabisa, na mhasibu ni shahidi.

Ambacho hakuniambia ni kwamba kukosa mtandao kabisa ndiyo hali rahisi kuliko zote kwa programu ya namna hii. Simu inajua kwamba haina mtandao, kwa hiyo inatulia na kuweka ankara kwenye foleni. Balaa ni ule mtandao wa kipande kimoja cha Kirando saa kumi jioni, unaoruhusu ankara ipande lakini jibu la seva haliteremki.

Twende na duka moja. Kijana wangu, tumwite K, alitoka asubuhi na katoni 120 za sabuni. Akamuuzia mteja mmoja katoni 20 kwa 24,000, taslimu, jumla 480,000. Akabonyeza Tuma. Ankara ikafika kwenye seva, ikaandikwa, mali ikapunguzwa. Seva ikajibu "nimepokea", jibu likapotelea njiani. Simu ikasubiri, ikachoka, ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba imeshindikana. K akabonyeza tena, yaleyale yakatokea. Mara ya tatu jibu likarudi, kijani ikawaka, K akapanda gari akaenda zake kwa amani.

Kwenye kitabu cha K kuna mauzo ya 480,000. Kwenye mfumo kuna ankara tatu zenye namba tatu tofauti, jumla 1,440,000. Jioni kaleta 480,000 na mimi nimekaa ofisini namdai 960,000.

Hapa ndipo ninapoumia mpaka leo. Nilimwita mwizi. Nilimkata kamisheni miezi miwili, maana kila wiki "upungufu" ulirudi, na ulirudi zaidi kwa wale wa njia za ziwani. Kumbe ushahidi ulikuwa kwenye gari lake muda wote: mfumo ulisema amebakiza katoni 60, tukihesabu tunakuta 100. Mwizi gani anaiba hela halafu mali inabaki? Nilidhani stoo walikosea kupakia! Kilichotuokoa ni daftari la mangi mmoja wa Namanyere anayechukua mali kauli. Nilimtumia taarifa ya deni, akanipigia akicheka kwamba hajawahi kununua sabuni mara tatu ndani ya dakika nne.

Nikampigia muuza mfumo. Unajua alinijibu nini? "Bosi, vijana wako wanabonyeza Tuma mara nyingi, wafundishe." Mtu yuko juani, kiduara kinazunguka dakika nzima, maandishi mekundu yanamwambia imeshindikana, asibonyeze afanye nini, aombe dua? Isitoshe tuligundua baadaye kwamba hata usipobonyeza, programu yenyewe ilikuwa inarudia kutuma chinichini kila mtandao ukirudi. Aliyejenga kitu hicho sidhani kama amewahi kuvuka mzunguko wa barabara wa mjini kwao.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo nililolilipia. Utambulisho wa ankara uzaliwe kwenye simu, pale kijana anapobonyeza Hifadhi, na usibadilike hata ankara ikitumwa mara mia. Huwa ni UUID, namba ndefu ambayo simu inaitengeneza yenyewe bila kuuliza seva. Ankara ikifika mara ya pili na UUID ileile, seva inajua ni yuleyule mgeni aliyekwisha kuingia.

Wauza mfumo wetu walipobanwa wakasema "tumeshaweka UUID". Wiki iliyofuata ankara mbili mbili kama kawaida. Walikuwa wanaitengeneza wakati wa Tuma, si wakati wa Hifadhi, kwa hiyo kila jaribio lilibeba namba mpya. Wakarekebisha. Mara hii seva ikawa inakagua kwanza kama UUID ipo, ndipo inaandika. Majaribio mawili yakifika kwa pamoja, yote yanaambiwa haipo na yote yanaandikwa. Ukaguzi huo uachiwe hifadhidata yenyewe. Marudio ya zamani yakishaondolewa, maana yakibaki itakataa, ni amri moja tu:

```sql
ALTER TABLE ankara
ADD CONSTRAINT ankara_uuid_moja UNIQUE (uuid_simu);
```

Wakaweka. Marudio yakaisha, ila simu zikaanza kuganda kwenye nyekundu, kwa sababu seva ilipoona marudio ilijibu "kosa". Kijana anaona kosa, anafuta, anaandika ankara upya kwa mkono, UUID mpya, tumerudi tulikotoka. Jibu sahihi kwa marudio ni "nimeipokea, namba yake ni ile ya mwanzo", ili simu iwashe kijani na kunyamaza.

Kwa hiyo onesho lako lirudiwe hivi. Simu ya mauzo ipate mtandao kupitia hotispoti ya simu yako. Andika ankara, bonyeza Tuma, na sekunde hiyohiyo zima data kwenye simu yako wewe, si kwenye simu ya mauzo. Subiri nyekundu, washa data, tuma tena. Rudia mara ishirini, maana kuikata katikati ni bahati, kisha kahesabu ankara ofisini. Ukitaka uhakika, mwambie fundi wao aifanye seva ya majaribio isubiri sekunde 90 baada ya kuandika ankara ndipo ijibu. Simu itachoka kabla, itarudia, na hapo huhitaji bahati. Ikitokea ankara moja tu, zungumzeni bei. Zikitokea mbili, mshukuru kwa soda.

Na hata ukiridhika, kila jioni linganisha idadi: simu ya kijana inasema ametuma ankara ngapi leo, na seva inasema imepokea ngapi kutoka simu hiyo. Si shilingi, ni idadi. Shilingi zinaweza kujificha kwenye madeni na marejesho, lakini 14 na 17 hazijifichi. Mimi ningefanya hivyo siku ya kwanza ningemkuta K akiwa bado kazini kwangu. Kamisheni yake nilimrudishia yote, akaipokea, akashukuru, akaenda kwa mshindani.

Tableti au simu sijui hata kwa nini umeuliza sasa hivi. Kwanza niambie huyo jamaa wa onesho ana gari jeupe na anaita kila mtu "bosi"? Kama ndiye, nicheki inbox.