Gereji kwenye ramani: nyota, pini na akaunti ya mpwa

Nimechagua maswali manane ya mafundi na wenye gereji kuhusu kuonekana kwenye ramani ya Google. Yale ya "nifungueje barua pepe" nimeyaweka kando, maana kila mwezi nayajibu na kila mwezi yanarudi.

Nikitaka kuisajili gereji yangu Google inasema ipo tayari na ina mtu anayeisimamia. Nifungue nyingine mpya?

Usithubutu. Gereji moja ikiwa na wasifu mbili, yaani kurasa mbili za biashara ile ile kwenye ramani, maoni yanagawanyika, mteja anapiga simu kwenye namba iliyokufa, na Google ikishtuka inaweza kufuta mojawapo. Hujui itakuwa ipi.

Kaa chini ukumbuke ni nani aliisajili. Mara nyingi ni mpwa aliyekuwa likizo, au kijana aliyekutengenezea tovuti, naye alitumia barua pepe yake kwa sababu wewe ulimwambia "nifanyie tu". Mpigie akuongeze kama mmiliki. Ukishaongezwa utasubiri siku 7 kabla ya kupewa mamlaka yote, pamoja na ya kuwaondoa wengine, kwa hiyo usigombane naye siku ya pili. Akiwa hapatikani, rudi pale Google ilipokuambia gereji ina mtu anayeisimamia, bonyeza "Request access" na uombe umiliki. Aliyeushika ana siku 3 za kujibu. Akinyamaza, unaweza kupewa nafasi ya kuthibitisha kwamba gereji ni yako.

Nimelisema hili mpaka nimechoka: mmiliki mkuu awe mwenye gereji, kwa akaunti ambayo nenosiri lake analijua yeye. Karani na fundi mkuu wape usimamizi tu. Namjua mzee mmoja aliyekosana na karani wake siku ya Ijumaa. Jumatatu ramani ikaonyesha gereji imefungwa kabisa, na milango ilikuwa wazi.

Jina niandike vipi ili nionekane juu? Nimefikiria niongeze "fundi bora gearbox, injini na umeme wa magari".

Andika lililo kwenye kibao chako, basi. Maneno ya ziada kwenye jina ni kosa linaloweza kusimamisha wasifu wako. Kazi hiyo inafanywa na kundi la biashara: weka "Auto repair shop" kama kundi kuu, kisha ongeza yale tu unayoyafanya kweli, mfano "Brake shop" au "Oil change service". Unaruhusiwa hadi 9 ya nyongeza, lakini gereji inayojaza yote tisa huwa inasema uongo kwenye manne.

Video yangu ya uthibitisho imekataliwa mara mbili. Hawa watu wanataka nini?

Wanataka kuona mambo matatu kwa mkupuo mmoja: gereji iko pale unaposema, inafanya kazi unayosema, na wewe ndiye mwenye funguo. Wengi mnaanza kurekodi mkiwa ndani, mnakata, mnaunga, mnaweka na muziki. Video iliyounganishwa haifai.

Anza ukiwa barabarani. Onyesha jina la mtaa au jengo la jirani linalotambulika, geuka taratibu kwenye kibao chako, ingia. Pitisha kamera kwenye gari lililo juu ya jeki, kabati la spana, mashine ya kupima. Malizia kwa kufungua kufuli ya stoo ya spea kwa mkono wako, au kuingia nyuma ya kaunta anakoingia mwenye mali tu, na uonyeshe leseni ya biashara yenye jina lile lile la kibao. Isipungue sekunde 30. Usirekodi nyuso za watu wala karatasi zenye namba za benki. Kama huna kibao, usirekodi chochote, kachoreshe kibao kwanza.

Wateja wanapelekwa na ramani hadi ukuta wa nyuma. Kosa ni la nani?

Lako, hukuisogeza pini. Hariri mahali, ivute ramani mpaka uone paa lako, weka pini kwenye geti ambalo gari linaingilia. Kisha mwombe rafiki asiyepajua aje akifuata simu.

Naona aibu kuwaomba wateja maoni. Nitafanyaje nisionekane ombaomba?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote ya mwezi huu. Aibu inatoka kwenye wakati unaoomba. Mteja amesimama kaunta, analipa pesa ambayo hakupanga kuitoa, anawaza foleni, na hajui bado kama mlio umekwisha. Ndipo unamwonyesha msimbo wa QR ukutani! Hata akikuwekea nyota, ataandika "wazuri" na kuondoka. Kwa gereji, ukweli wa kazi unajulikana gari likishatembea.

Fanya hivi. Gari likiingia, kwenye kadi ya kazi andika namba ya simu ya mteja na umuulize kama unaweza kumtumia ujumbe. Gari likitoka, fundi aliyeshika spana, si karani, amwonyeshe spea za zamani na kumweleza kilichofanyika. Mwishoni amwambie, "Siku chache zijazo tutakutumia ujumbe kuuliza linaendaje." Sasa ujumbe ukifika si wa mgeni, alishaahidiwa.

Mchague mtu mmoja wa kutuma, na siku mbili za wiki, tuseme Jumanne na Ijumaa asubuhi kabla ya magari kujaa. Anachukua kadi zote ambazo hazijatumiwa ujumbe, za magari yaliyotoka siku mbili nyuma au zaidi, na kumwandikia kila mteja kitu kama hiki:

"Habari ya asubuhi. Juzi tulikubadilishia pedi za breki za mbele. Gari linaendaje? Kukiwa na shida yoyote nipigie kwa namba hii. Na ukipenda kuwaeleza wengine ulivyohudumiwa, vibaya au vizuri, andika hapa:" kisha linki. Linki unaipata kwenye wasifu wako, sehemu ya kuomba maoni. Inampeleka moja kwa moja penye nyota, bila kuhangaika kutafuta.

Angalia mambo mawili katika ujumbe huo. Kazi iliyofanyika imetajwa, ndiyo maana mteja akikaa kuandika anakumbuka breki, na yule anayetafuta fundi wa breki atasoma habari za breki. Pili, linki iko kwenye ujumbe wa kwanza na inakwenda kwa wote. Kuna ujanja unafundishwa huko mitaani: muulize kwanza kama ameridhika, akisema ndiyo mpe linki, akisema hapana mpe namba ya meneja. Google imepiga marufuku kuchuja wateja namna hiyo. Nami naongeza kwamba unajidanganya, maana aliyekasirika hahitaji linki yako kukupata.

Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki, kisha andika alama kwenye kadi na umwache. Wengi hawataandika kitu. Usiwahesabu hao, hesabu kadi zilizotoka bila kutumiwa ujumbe, kwa sababu hizo ndizo zilizo mikononi mwako. Na usikusanye wateja wa miaka miwili ukawatumia wote usiku mmoja: maoni 40 ya siku moja kwenye wasifu uliolala yanatia shaka hata yakiwa ya kweli.

Nikimpunguzia bei ya kubadilisha oili atakayeweka nyota tano, kuna ubaya?

Upo. Punguzo, zawadi, kuosha gari bure, vyote ni malipo kwa maoni, na vimekatazwa. Swali hili nimelijibu mara tatu mwaka huu, sitarudia.

Mteja ameniwekea nyota moja, anasema breki zinapiga kelele baada ya sisi kuzibadilisha. Nifanye nini yafutwe?

Hayafutiki. Unaweza kuripoti maoni yenye matusi, matangazo, au ya mshindani anayejifanya mteja. Lakini Google haikai hakimu kati yako na mteja kuhusu nani mkweli, na huyu anaonekana ni mteja.

Kabla ya kujibu, toa kadi ya kazi. Tuseme inasema pedi za mbele zilibadilishwa, diski zikaachwa zile zile, na hakuna palipoandikwa kwamba pini za kalipa zilisafishwa na kupakwa grisi. Hapo umeshapata mahali pa kuanzia. Pedi mpya juu ya diski yenye mikwaruzo, au kalipa iliyokwama, hupiga kelele. Kama ulimshauri abadilishe diski akakataa, kadi ingepaswa kusema. Kama haisemi, usiseme wewe leo.

Sasa jibu, siku hiyo hiyo lakini si ukiwa na hasira: "Pole kwa usumbufu. Tulibadilisha pedi za mbele, na kelele inaweza kutoka kwenye diski au kalipa. Tuletee gari tulifungue ukiwepo, kuliangalia hatutakutoza. Nipigie, mimi ndiye mwenye gereji." Usitaje namba ya gari, deni lake, wala "wewe ulitaka rahisi". Jibu hilo litasomwa na watu wengi ambao hawajawahi kukuona, na wanapima utakavyowafanyia wao siku mambo yakiharibika.

Akija ukamaliza kelele, unaweza kumwambia kwamba maoni yanaharirika. Mwambie mara moja, bila punguzo mkononi. Akiacha nyota moja yake, basi. Ukiwa na maoni matano, manne ya nyota tano na hilo moja, wastani wako ni 4.2 na unauma. Ukiwa na 40 ya nyota tano, nyota moja ile ile inakuacha kwenye 4.9. Ndiyo maana nilikaa sana kwenye swali la aibu.

Mimi ni fundi wa kuwafuata wateja, sina gereji. Nitumie anwani ya duka la shemeji?

Hapana. Jisajili kama biashara inayowafuata wateja, ficha anwani ya nyumbani, taja maeneo unayofika, hadi 20. Ukitumia duka la shemeji, siku watu wakikuripoti kwamba haupo pale, wasifu utasimamishwa. Ukikata rufaa, fomu ya kuambatanisha ushahidi ukishaifungua inakupa dakika 60 tu, na leseni ya shemeji haitakusaidia.