Boga, Matako na Mama: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Matusi

Mwalimu, kwa nini mjinga huitwa boga, na si nyanya? (Msomaji, Jinja)

Simama kidogo karibu na muuzaji wa maboga katika soko la Nakasero. Mteja huliinua boga, hulipiga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kwa maana anajua kwamba ndani yake, pamoja na mbegu na nyuzinyuzi, mna nafasi tupu. Boga lina ukubwa wa kichwa, mviringo wa kichwa na ganda gumu kama fuvu, ila pale tunapotarajia ubongo hapana kitu. Nyanya haifai kwa sababu ni ndogo na imejaa. Katika Kiswahili hatuhitaji hata umbo: tukisema fulani ni kichwa maji, tumebakiza kichwa na kubadilisha kilichomo tu.

Warumi wa kale walisema "kichwa cha mung'unye" kwa maana hiyohiyo, nao hawakujifunza kwetu wala sisi kwao. Kila jamii ina kichwa cha kufananishia, na karibu kila jamii inalima kitu cha mviringo kisicho ghali.

Matako ni kiungo ambacho kila mtu anacho. Ilikuwaje kikampeleka mtu mahakamani hapa kwetu? (Msomaji, Kampala)

Mnamo Januari 2017 Dakta Stella Nyanzi, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, aliandika kwenye Fesibuku kwa Kiingereza kwamba Rais Museveni ni jozi ya matako, akachanganya na maneno ya Kiganda, "matako butako". Mwezi Aprili alikamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, na hati ya mashtaka ikataja jozi hiyo ya matako waziwazi.

Nguvu ya tusi hili ina tabaka mbili. La kwanza linaeleweka popote: mtu mzima, mwenye jina na cheo, anageuzwa kuwa kipande kimoja cha mwili, tena kile kinachofunikwa na kukaliwa. La pili liko katika sarufi ya Kibantu. Matako, neno ambalo Waganda na Waswahili tunalo kwa pamoja, ni jina la kawaida ambalo hata mganga anaweza kulitumia. Kiambishi bu- ndicho kinacholipunguza na kulidharau, kama vile Mganda anavyosema kasajja kwa mwanamume asiyemhesabu na gusajja kwa jibaba lisilo na adabu. Sisi tunafanya vivyo hivyo kwa kijitu na jitu, kisha upatanisho unamaliza kazi, kwa kuwa "jitu limekuja" limekwisha kumtoa mtu huyo katika ngeli ya watu. Mfasiri wa Kiingereza akifika kwenye butako hana kiambishi cha kulipa deni hilo, na nadhani ndiyo maana waliosoma Kiingereza peke yake walilisikia tusi nusu.

Wafaransa waliwahi kuwa na kesi ya jamii hii. Mwaka 1831 mchoraji Charles Philipon alishtakiwa kwa kumdhihaki mfalme Louis-Philippe. Mbele ya mahakama alichora picha nne: ya kwanza ilikuwa uso wa mfalme, ya mwisho ilikuwa pea, tunda ambalo jina lake katika lugha ya mitaani ya Kifaransa lilimaanisha mjinga, na kila picha ilifanana na iliyoitangulia. Akauliza ni ipi kati yake iliyo kosa. Alifungwa miezi sita na kutozwa faini, lakini pea zikajaa kwenye kuta za Parisi. Hapa kwetu, kifungu cha 25 cha sheria ile, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi, kilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2023.

Mbona "nyoko" ni tusi ilhali maana yake ni mama yako tu? (Msomaji, Arua)

Kwa sababu kiungo kimeachwa bila kutajwa, na msikilizaji anakijaza mwenyewe. Kiganda kina nnyoko, Kihispania kina "mama yako" inayokatwa vivyo hivyo, na kote huko anayetaka adabu hutafuta umbo jingine. Nashauri mgeni anayejifunza Kiganda aanze na maama wo, kabla hajaamkia ukweni.

Je, kumwita mtu jina la chakula ni kumtusi siku zote? (Msomaji, Mbale)

Hapana. Mfaransa humwita mpenzi wake "kabichi yangu", na mpenzi hucheka. Angalia kimilikishi: "yangu" humvuta mtu karibu, ilhali "kabichi wewe!" humsukuma mbali. Mboga ni ileile.