Harusi ilikuwa ya watu 200, sasa ni 140 na menyu imebadilika, na dipoziti ishalipwa

SWALI: Chef habari. Niko Kisumu nafanya keteringi ndogo tu. Mteja wa harusi alinilipa dipoziti ya 80,000, tulikuwa tumesema watu 200 kwa 800 kila pleti: pilau, chapati, nyama ya ng'ombe, kuku, mboga na kachumbari. Zimebaki siku nane, ananipigia ati watu ni 140, na nitoe ng'ombe niweke samaki mzima kwa kila mtu. Ashapiga hesabu yake anasema salio ni 32,000. Hatukuandika kitu, ilikuwa simu tu. Nimjibu aje?

JIBU: Dada, usimjibu leo usiku, mpigie kesho ukishapiga hesabu yako na ukishaongea na mtu wa samaki. Na usimwone kama anataka kukudhulumu, juu yeye amechukua 140 mara 800 akatoa 80,000, na hiyo hesabu ingekuwa sawa kabisa kama ile 800 yote ingekuwa chakula. Shida ni kwamba sio yote chakula, na mteja hawezi jua hivyo kama wewe mwenyewe hujawahi kuipasua hiyo 800 ukaona nini iko ndani.

Ipasue hivi. Kuna pesa inaenda na tumbo la mgeni na kuna pesa inaenda na siku yenyewe. Mgeni asipokuja, mchele wake haununuliwi, kipande chake cha kuku kinabaki, hata wahudumu wanapungua kidogo juu kwa bafe mhudumu mmoja anatosha watu kama 20 ama 25. Lakini pikap itaenda ile safari ile ile, wapishi wanne watakesha ule usiku ule ule, makaa ya kuivisha pilau ya kilo 17 na ya kilo 25 karibu ni gunia sawa, na ile Jumamosi yako imeshikwa, kama kuna mtu mwingine alikupigia ulimwambia umejaa. Mimi sijui gharama zako lakini tuseme, kwa mfano, usafiri ni 9,000, wapishi 8,000, makaa na gesi 6,000, kukodi masufuria makubwa na meza za kupakulia 5,000, na wewe mwenyewe kwa siku yako 12,000. Hiyo ni 40,000. Gawa kwa wale watu 200, utapata 200 kwa kila pleti. Kwa hivyo kati ya ile 800, chakula na mambo yake ni 600, na 200 ni ya siku.

Sasa wakitoka watu 60 wanatoka na 600 zao kila mmoja, zile 200 haziendi mahali. 140 mara 600 ni 84,000, weka na ile 40,000, unapata 124,000. Yeye alisema 112,000. Tofauti ni 12,000, na hiyo ndio pesa ungetoa kwa mfuko wako bila kujua kama ungekubali hesabu yake, na ungekuja kushangaa Jumapili ukilipa wapishi mbona umefanya kazi yote hiyo na hakuna kitu imebaki.

Hapo bado hatujagusa samaki, na samaki ndiye mkubwa hapa. Watu huangalia bei peke yake wanaona tu tofauti ya soko. Tuseme ng'ombe ulikuwa umemweka 120 kwa pleti, kilo moja ya nyama na mifupa yake inalisha watu watano hadi sita kwa mchuzi, na ngege wa saizi ya pleti, yule wa gramu 350 hivi, unampata kwa 280. Tofauti ni 160, mara 140 ni 22,400. Lakini kuna kukaanga. Nyama ya mchuzi unaipika mapema, inakaa kwa sufuria ikiwa moto, saa saba mchana iko tayari na hakuna mtu anahangaika. Samaki wa kukaanga huwezi kumkaanga alfajiri, akikaa sana analainika ngozi na harufu inabadilika. Karai moja kubwa inabeba samaki kama 10 kwa mara moja, dakika 12 hadi 15, kwa 140 hiyo ni raundi 14, yaani karibu masaa matatu au zaidi kwa karai moja. Kwa hivyo unahitaji karai mbili, mafuta lita 20 hivi, na mtu wa kusimama hapo asiguse kitu kingine. Weka 7,000 ya mafuta na huyo mtu. Ukijumlisha 124,000 na 22,400 na 7,000 ni 153,400. Ukitoa dipoziti, salio ni 73,400. Sio 32,000.

Najua ukimtajia hiyo namba ghafla kwa simu atafikiria unamuibia, ndio maana nasema mpelekee ikiwa imeandikwa na imepasuliwa venye nimefanya hapa, mstari kwa mstari, aone mwenyewe watu 60 walimpunguzia ngapi na samaki alimrudishia ngapi. Wateja wengi wakiona hivyo hawabishani, wanaanza kuuliza njia ya katikati.

Na njia ya katikati iko, hata ningekusukuma huko kwa sababu nyingine kabisa. Mchuzi unanyooka. Wakija watu 155 badala ya 140, anayepakua anapunguza mkono kidogo na hakuna mtu anajua. Samaki mzima hanyooki, samaki 140 ni watu 140, mtu wa 141 anasimama mbele ya meza na sahani mkononi na hakuna kitu ya kumpa. Sasa huyu mteja wako ameshuka kutoka 200 mpaka 140 kwa wiki moja, hiyo ni idadi bado inatembea, na yeye anataka kuweka chakula kisichonyooka juu ya idadi inayotembea. Hapo ndio mimi ningeogopa, sio kwa bei.

Mpe hivi: ng'ombe abaki kwa wageni wengine 100, samaki 40 kwa wazee, wakwe na meza ya maarusi. Samaki 40 ni nyongeza ya 6,400 na mafuta ya karai moja, tuseme 2,500, na raundi nne tu ambazo mpishi wako wa kawaida anaweza kumaliza kwa saa moja. Jumla 132,900, salio 52,900. (Wale 40 hawatakula ng'ombe kwa hivyo nyama inunuliwe ya watu 100, ndio maana nimehesabu tofauti ya 160 tu.) Lakini hao samaki wasiguse bafe hata kidogo. Wapelekewe mezani kwa sinia, wahudumu waambiwe meza ni gani. Ukiwaweka kwa bafe wale watu 40 wa kwanza kwa laini watawachukua na mara nyingi hao ni vijana, na mzee wa ukoo anafika anakuta miba.

Samaki mwenyewe mwagize mapema, usingoje kwenda ufuoni asubuhi ya Jumamosi ukidhani Kisumu hakukosi samaki. Hawakosi, lakini unataka 40 wa saizi moja na hiyo ndio ngumu, ukipeleka mkwe mmoja samaki mkubwa na mwenzake kidole mtasikia mpaka mwaka ujao. Wanaofuga kwa keji ziwani wanakuvulia saizi uliyosema kama wamejua siku kadhaa mbele. Kwa hivyo mwambie mteja samaki wanafungwa siku nne kabla, baada ya hapo hakuna kupunguza.

Na hapo ndio unaweza kumaliza hiyo shida ya kutoandika. Usiseme tu "hakuna kubadilisha tena", juu kila kitu kina siku yake, ni siku ile pesa inatoka mkononi mwako. Kuku wa kienyeji nafikiri ushawashika, kwa watu 200 kipande kimoja kila mtu ulihitaji 25, kwa 140 ni 18. Wale saba kama bado wako hai hujapoteza, wataenda oda ingine, usimlipishe. Kama walishachinjwa ni wake. Mchele haufungwi mpaka mwisho maana hauozi. Nyama siku mbili. Mboga na nyanya za kachumbari unanunua soko la Kibuye siku moja kabla. Mwandikie kwa WhatsApp kitu kifupi tu, kama hivi: "Dipoziti yako imeshika tarehe. Idadi tumeandika 140, inaweza kupungua mpaka Jumapili, baada ya hapo unalipa 140 hata wakija wachache. Samaki 40 wanafungwa Jumanne. Kila pleti ikizidi 140 ni 800, inalipwa siku hiyo. Salio 52,900 inaingia Alhamisi kabla sijaenda soko." Mwambie ajibu neno "sawa". Hiyo sawa yake itakusaidia kuliko karatasi yenye muhuri aliyoisaini bila kusoma.

Usisahau kumuuliza kwa nini watu wamepungua. Kama ni basi la kutoka Nakuru limekatika, hao kweli hawaji. Kama ni pesa imekuwa ngumu na ameamua kuandika 140 kwa karatasi huku kadi zilishatoka 200, wageni watakuja 200. Ilinipata mimi Kakamega, tulishuka kutoka 300 mpaka 220 kwa simu, wakaja zaidi ya 300, na familia ikasimama mbele ya watu ikasema chef ameleta chakula kidogo. Sikuwa na kitu ya kuonyesha. Nililia njiani, na nilipoteza oda mbili za hiyo familia.

Tangu hapo sihesabu watu, nahesabu sahani. Kwako peleka sahani 150, kabla ya laini kuanza mwite mtu mmoja wa familia aliyetajwa na mteja, mhesabu pamoja, aandike jina lake. Zikiisha 140 unamuita anaona. Na beba kilo 5 za mchele mkavu na kabichi chache pembeni, na jiko moja lenye makaa yamewashwa. Mchele huo ni watu 40, unaiva kwa dakika 40, na wasipokuja unarudi nao nyumbani kwa gunia lake.

Mpigie mtu wa samaki kwanza, bei yake ya leo inaweza kubadilisha hiyo 160 yangu, halafu ndio uandike ile meseji.