Pete ya uchumba: jiwe liinuke au lilale?

"Nasuka nywele Moshi mjini. Mchumba ananinunulia pete ya tanzanaiti, nichague jiwe lililoinuka au lililolala?"

Lililolala, dada yangu, tena lizungushiwe ukingo wa dhahabu badala ya kushikwa na kucha za pete. Mimi ni sonara hapa Arusha. Wasusi huniletea pete zenye nyuzi za rasta zimejisokota chini ya jiwe. Ukizivuta, ukucha unainuka kidogo sana, kwa macho huoni. Pitisha soksi ya nailoni juu ya jiwe. Ikinasa, usiivae mpaka ukucha ubanwe.

Aliyesema hapo juu kwamba jiwe likilala halinasi kabisa amepata nusu. Kucha zenye ncha hunasa sweta hata jiwe likiwa chini. Na tanzanaiti si ngumu kama almasi. Pigo moja kwenye kona ya meza laweza kuipasua, na lililoinuka ndilo linalotangulia kugonga.

Ubaya wa lililolala: pete ya ndoa huenda ikagongana na jiwe, ukabaki mwanya katikati. Wengine hawaupendi, wengine hawajali.

Kaka anayesifia pete yake ya silikoni ya gym, hukuulizwa, ila kwa saa za kazi saluni umenena, dada avae ya namna hiyo.