Sekunde thelathini za kukaza, tisini za kulegeza: kwa wanaoanza mazoezi ya vipindi vikali

Kila Jumamosi alfajiri klabu yetu ya jogingi hapa Tanga hupata wageni wawili watatu, na karibu kila mgeni huja na programu ile ile kwenye simu: sekunde 20 za kukaza, sekunde 10 za kupumzika, raundi 8, dakika 4 umemaliza. Nimeshika saa ya klabu kwa miaka tisa sasa. Ninayoandika hapa ni yale ninayowaambia wageni hao tukiwa tunatembea kuelekea Raskazone kabla jua halijatoka, ila barabarani huwa sipati nafasi ya kuyamaliza.

Tuanze na hizo 20 kwa 10, maana ndizo zinazowatoa watu wengi kwenye mazoezi ndani ya wiki ya kwanza. Utaratibu huo umejulikana kutokana na utafiti wa Izumi Tabata na wenzake wa Japani, uliochapishwa mwaka 1996. Waliofanyiwa utafiti walikuwa vijana wa kiume wanaosomea elimu ya viungo, watu wa mazoezi tayari. Walipiga pedali za baiskeli ya maabara, mzigo ukiwa umewekwa juu sana makusudi, hadi mtu anaishiwa kabisa kwenye raundi ya 7 au ya 8. Pumziko la sekunde 10 liliwekwa ili lisitoshe. Sasa wewe uliyekaa kwenye kiti cha ofisi au cha duka miaka kumi, ukichukua saa ile ile, unachukua pumziko lililotengenezwa lisikutoshe hata kama ungekuwa mwanafunzi wa michezo.

Nitaeleza kilichomtokea mama mmoja wa Chumbageni, ambaye ameniruhusu nitumie hesabu zake. Alikuwa na miaka 46, haumwi presha wala sukari, anatembea kwenda sokoni na kurudi, lakini kukimbia alikuwa hajakimbia tangu shule. Akaniomba tujaribu 20 kwa 10 kama binti yake alivyomwonyesha. Nilikubali, na nilikosea kukubali. Nilichora mstari wa chaki kwenye lami, upande wa bahari, na kila raundi nikaweka kokoto pale alipofika sekunde ya 20 ilipoisha. Raundi ya kwanza alikwenda hatua zangu 52. Ya pili 47. Ya tatu 38. Ya nne 31, akasimama, akaketi kwenye ukingo wa barabara, akasema, "Kocha, macho yanaona giza." Nikamlaza, nikamwinua miguu, baada ya dakika kadhaa akawa sawa.

Ziangalie zile kokoto. Mpaka anasimama alikuwa amekaza kwa sekunde 80, lakini zilizokuwa za kukaza kweli ni 40 tu za mwanzo. Raundi ya tatu na ya nne alikuwa anajikokota na pumzi imekata. Aliumia sana, na kazi aliyoifanya ilikuwa ndogo.

Sababu iko ndani ya misuli. Unapokaza ghafla, misuli huanza na akiba ya nguvu ya haraka iliyowekwa humo humo, akiba ya sekunde chache tu, na baada ya hapo inategemea njia nyingine za kuzalisha nguvu ambazo zikisukumwa sana huacha miguu mizito na kifua kinachowaka. Ukilegeza, ile akiba hujazwa tena kwa kutumia oksijeni. Kwa mtu mwenye afya, karibu nusu yake hurudi ndani ya nusu dakika hivi, na kujaa kabisa huchukua dakika kadhaa. Asiyekuwa na mazoezi hujaza polepole zaidi, kwa kuwa moyo wake na misuli yake bado haijazoea kupeleka na kutumia oksijeni kwa kasi. Kwa hiyo sekunde 10 hazimpi karibu chochote. Anaingia raundi inayofuata na deni, na deni linakua kila raundi.

Baada ya siku nne tulirudi barabara ile ile, na safari hii nilimpa uwiano wa moja kwa tatu: sekunde 30 za kukaza, sekunde 90 za kutembea, raundi 6. Kabla ya hapo alipasha mwili kwa dakika 6, dakika 4 za kutembea na 2 za kukimbia pole pole. Nilimwambia asikaze hadi mwisho. Akaze kiasi kwamba sekunde ya 20 ikifika aweze kutamka maneno mawili matatu lakini asiweze kupiga soga. Kama kumi ni nguvu zako zote, hiyo ni saba au nane. Kokoto zikawa hivi: 68, 70, 69, 68, 67, 64. Kutoka ya kwanza hadi ya mwisho amepoteza hatua 4. Na ukijumlisha, amekaza kweli kwa dakika 3 kamili, siku ambayo mwenyewe alisema ilikuwa nyepesi kuliko ile ya kwanza. Kwa mtu wa kiwango chake, pumziko refu ndilo lililomwezesha kufanya kazi kali nyingi zaidi.

Hapo ndipo ilipo kanuni ninayoitumia kuamua kama uwiano unakufaa, na haihitaji saa ya bei kubwa. Linganisha umbali wa raundi ya mwisho na wa kwanza. Ukipungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, yaani kama ulianza na hatua 70 ukamaliza chini ya 63, ama pumziko ni fupi ama ulianza kwa pupa. Kutofautisha hayo mawili ni rahisi: aliyeanza kwa pupa huporomoka mapema, raundi ya pili au ya tatu, kisha anatulia kwenye umbali mdogo. Mwenye pumziko fupi hupungua kidogo kidogo bila kutulia. Huyo mwongezee sekunde 30 za kutembea. Wa kwanza mpunguzie kasi ya raundi ya kwanza, pumziko liache kama lilivyo.

Wanaovaa saa za mapigo ya moyo huniuliza kwa nini namba haipandi wakati wanahema. Moyo huchelewa kuitikia. Katika sekunde 30 unaweza kuona namba kubwa kabisa baada ya kuwa umeshalegeza. Kwa vipindi vifupi namna hii usiongozwe na saa, ongozwa na pumzi na kokoto.

Jambo la pumziko lenyewe nalisema kwa sauti kila Jumamosi: pumziko ni kutembea, si kuketi wala kusimama umeshika magoti. Unapokimbia, misuli ya miguu inakamua damu na kuirudisha juu. Ukisimama ghafla, damu inabaki miguuni, presha inashuka, na ndiyo ile giza ya macho aliyoiona yule mama. Tembea mwendo wa mtu anayetoka msikitini bila haraka. Zikibaki sekunde 10, jaribu kusema sentensi nzima, kwa mfano "mimi naelekea Raskazone halafu narudi nyumbani kunywa chai". Ikikatika katikati, ongeza sekunde nyingine 30 hata kama simu imeshalia. Saa haijui ulilala saa ngapi jana.

Sasa namna ya kusonga mbele. Watu hudhani wakipata nafuu wanapaswa kukata pumziko mara moja. Mimi nakaa na 30 kwa 90, raundi 6, mara mbili kwa wiki, wiki tatu au nne, huku siku mbili au zaidi zikipita kati ya zoezi na zoezi. Kokoto zikiwa zimekaa pamoja mazoezi matatu mfululizo, tunakwenda 30 kwa 60, raundi 8. Piga hesabu utaona kipindi chote bado ni dakika 12, ila kukaza kumepanda kutoka dakika 3 hadi 4. Ukiweka dakika 6 za kupasha na 4 za kupoza, ni dakika 22 tangu kutoka hadi kumaliza.

Hatua ya baada ya hapo ndiyo yenye mtego: dakika 1 kwa dakika 1, raundi 6, dakika 12 zile zile. Huu ni uwiano uliojaribiwa sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, wametumia dakika 1 kwa dakika 1, raundi 10, hata kwa watu wasio wanamichezo. Mtego ni kwamba mtu huichukua dakika nzima kama sekunde 30 mbili zilizounganishwa. Yule mama wa Chumbageni alifika hapo mwezi wa tatu. Raundi ya kwanza alikwenda hatua 140, ya tatu 112, akaanza kukunja uso. Tukakatisha. Zoezi lililofuata nilimpa kituo, mlango wa nyumba moja uliokuwa kwenye hatua 120, nikamwambia asiupite raundi ya kwanza hata akijisikia vizuri namna gani. Alimaliza zote 6 kati ya 117 na 121. Uwiano ukibadilika, kasi nayo lazima ibadilike. Namba hizo mbili hazitenganishwi, na ndiyo maana kusema "nafanya moja kwa moja" bila kutaja urefu wa kipindi hakuniambii kitu. Sekunde 20 kwa 20 ni zoezi moja, dakika 4 kwa 4 ni zoezi jingine kabisa.

Wapo ambao siwapi saa mpaka waonane na daktari: mwenye maumivu ya kifua au anayewahi kuzimia, mwenye presha isiyotulia, mwenye kisukari anayechoma insulini, mjamzito, na aliyewahi kuambiwa ana tatizo la moyo. Anayetumia dawa za presha zinazopunguza kasi ya moyo ajue kwamba mapigo yake hayatapanda kama ya wenzake. Na yeyote akisikia kifua kinabana katikati ya raundi, zoezi limeisha siku hiyo na safari ni ya hospitali.

Lililobaki ni joto, na wanaohamia Tanga kutoka Lushoto hulisahau. Kipindi cha kaskazi, Januari na Februari, hata saa kumi na mbili alfajiri hewa ni nzito, jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Moyo unalazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi huku miguu nayo ikiidai. Pumziko lililokutosha Julai halikutoshi. Januari iliyopita mama yule, ambaye Desemba alikuwa kwenye dakika kwa dakika, alikuta kokoto zake zimeanza tena kuachana: 119, 115, 108. Tulimrudisha 30 kwa 90 kwa wiki tano, mpaka upepo ulipogeuka.